Ufunguo Uliokataa Kufa

Anayetafuta basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa simu yake hana subira. Anachagua miji miwili na tarehe, na orodha ya mabasi, nauli na viti vilivyobaki inatakiwa itokee papo hapo. Ikichelewa sekunde tano, anafunga ukurasa na kuhamia kwa mshindani. Mwenye tovuti analijua hilo, na ndiyo maana jibu analoliona abiria mara nyingi halikutoka kwenye hifadhidata kuu. Hifadhidata iliulizwa mara moja, na mtu mwingine, dakika mbili zilizopita. Jibu lake likanakiliwa na kuwekwa pembeni, mahali pa kulichukua haraka. Mahali hapo wasanidi programu hupaita kache, na programu inayopatunza, katika tovuti nyingi sana duniani, ni Redis.

Redis iliandikwa na Salvatore Sanfilippo, Mwitaliano wa kisiwa cha Sisilia, na ikatoka mwaka 2009. Alikuwa na huduma ya kuwaonyesha wenye tovuti ni nani anayesoma kurasa zao dakika hiyo hiyo, na hifadhidata aliyokuwa akiitumia, yenye kuandika kila kitu kwenye diski, ilishindwa kwenda na kasi hiyo. Akaandika ya kwake, inayoweka data yote kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Tangu mwaka 2024, baada ya mzozo wa leseni, ipo pia pacha yake iitwayo Valkey, na karibu yote yanayosemwa hapa yanaihusu pia.

Kumbukumbu ina kasi, lakini ni ghali na ni ndogo. Seva ya kukodi yenye diski ya gigabaiti 80 inaweza kuwa na gigabaiti mbili tu za kumbukumbu. Kwa hiyo kila kinachowekwa humo kinazaa maswali mawili: kitakaa muda gani, na kinakula nafasi kiasi gani? Maswali hayo yanaonekana mbalimbali, na vitabu vingi huyaweka katika sura tofauti. Kwenye kazi ni swali moja. Kumbukumbu ya Redis inapojaa bila sababu inayoeleweka, mara nyingi kuna ufunguo uliopaswa kufa na haukufa.

Makala haya yanafuata tovuti ya mfano ya kuuza tiketi za mabasi. Tovuti yenyewe ni ya kubuni, lakini kosa lililomo ni la kweli na limewatesa mafundi wengi.

Tovuti hiyo inahudumia njia 400, na abiria wanaweza kutafuta safari za siku 30 zijazo. Kila jibu huhifadhiwa chini ya jina lake, na jina hilo ndilo linaloitwa ufunguo. Abiria wa kwanza anapoulizia basi la Mwanza la tarehe 14 Julai, programu inaipa Redis amri hii:

```
SET safari:dar-mwanza:2025-07-14 "...orodha ya mabasi..." EX 300
```

Herufi `EX` na namba inayofuata zinasema kwamba ufunguo huu uishi sekunde 300, yaani dakika tano, kisha ufe. Anayetaka kujua umebakiza muda gani anatumia `TTL`:

```
> TTL safari:dar-mwanza:2025-07-14
(integer) 287
```

Majibu ya `TTL` yana siri ndogo inayofaa kukaririwa. Namba chanya ni sekunde zilizobaki. Jibu la `-2` maana yake ufunguo haupo kabisa. Jibu la `-1` maana yake ufunguo upo, lakini hauna tarehe ya kufa, na utakaa humo mpaka mtu aufute au seva ijae. Kwenye kache ya majibu ya muda, `-1` ni jibu la kushtua, ingawa kwa macho linaonekana la kawaida tu.

Wengi hudhani Redis ina saa inayohesabu kurudi nyuma kwa kila ufunguo. Haina. Inachoandika ni wakati kamili wa kufa, hadi milisekunde, kama tarehe iliyopigwa muhuri kwenye pakiti ya maziwa. Matokeo yake ni kwamba muda unakwenda hata seva ikiwa imezimwa. Ukizima Redis dakika kumi na kuiwasha tena, funguo za dakika tano zilizohifadhiwa kwenye diski hazirudi. Na mtu akiisogeza saa ya seva mbele kwa saa moja, funguo zote za muda mfupi zinaisha kwa mkupuo.

Kuisha muda na kuondoka kwenye kumbukumbu ni mambo mawili tofauti. Ufunguo uliopitwa na wakati haupatikani tena: ukiuulizia, Redis inautazama muhuri wake, inaona umepita, inaufuta hapo hapo na kujibu kwamba haupo. Lakini kama hakuna anayeuulizia? Safari ya Dar kwenda Mwanza ya juzi haiulizwi na mtu. Kwa funguo za namna hiyo Redis ina mfagiaji anayepita mara kumi kila sekunde. Kila anapopita anachukua kwa bahati nasibu funguo 20 kati ya zile zenye tarehe ya kufa, na anazoziona zimepitwa anazifuta. Tangu toleo la 6, kwa mipangilio ya kawaida, akikuta zaidi ya asilimia 10 ya alizochukua zimekufa, anarudia papo hapo bila kusubiri zamu nyingine, ingawa amewekewa ukomo ili asiwacheleweshe wateja. Kwa hiyo wakati wowote kunaweza kuwa na funguo chache zilizokufa ambazo bado hazijazikwa. Zinahesabiwa kwenye `DBSIZE`, zinakula nafasi, na hilo ni jambo la kawaida lisilostahili kumkosesha fundi usingizi.

Kinachostahili ni neno lililotajwa hapo juu kwa haraka: mfagiaji anachukua funguo zile zenye tarehe ya kufa. Ufunguo usio na tarehe hamhusu. Hataugusa leo, wala mwakani.

Sasa kosa lenyewe. Sehemu moja ya programu ya tovuti yetu ilijibu utafutaji, na iliandikwa vizuri, na `EX 300` yake mahali pake. Sehemu nyingine, iliyoandikwa baadaye na mtu mwingine, ilishughulikia mauzo. Kiti kikiuzwa, ilikwenda kwenye kache na kurekebisha orodha ili abiria anayefuata asionyeshwe kiti ambacho kimeshachukuliwa. Nia njema kabisa. Amri yake ilikuwa hii:

```
SET safari:dar-mwanza:2025-07-14 "...orodha mpya..."
```

Amri ya `SET` haihariri kitu kilichopo. Inauweka ufunguo upya, na pamoja na thamani ya zamani inafuta pia tarehe ya kufa ya zamani. Asiyetaja muda mpya anapata ufunguo usio na muda. Hakuna onyo wala kosa linaloandikwa popote, Redis inajibu `OK` kama kawaida yake.

Amri nyingine hazifanyi hivyo, na hapo ndipo watu hujichanganya. Ukiongeza hesabu kwa `INCR`, ukisukuma kitu kwenye orodha kwa `LPUSH`, ukibadilisha uga mmoja kwa `HSET`, muda wa ufunguo unabaki ulivyokuwa. Hata ukiubadilisha jina kwa `RENAME`, unahama na muda wake. Fundi aliyezoea `HSET` anaweza kutumia `SET` miaka miwili bila kujua kwamba hii ina tabia yake.

Kwenye tovuti ya mabasi madhara yalianza pembeni kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kumbukumbu. Sehemu ya utafutaji huuliza hifadhidata kuu pale tu ufunguo unapokosekana. Ufunguo uliopoteza muda wake haukosekani kamwe, kwa hiyo haukuandikwa upya tena kutoka kwenye hifadhidata. Viti viliendelea kurekebishwa, kwa kuwa kila mauzo yaliigusa orodha. Lakini kampuni ilipopandisha nauli, au basi lilipofutwa, orodha ile haikujua. Abiria waliona bei ya wiki mbili zilizopita, wakafika kwenye malipo na kukuta bei nyingine. Malalamiko yalikwenda kwa watu wa huduma kwa wateja, nao wakayapeleka kwa watu wa malipo. Wachache sana wangeanzia kwenye kache.

Madhara ya pili yalikuja polepole zaidi, na yanaweza kupigiwa hesabu.

Redis ina amri ya kupima ufunguo mmoja, iliyoingia na toleo la 4 mwaka 2017:

```
> MEMORY USAGE safari:dar-mwanza:2025-07-14
(integer) 2120
```

Jibu ni baiti. Orodha yenyewe ina herufi 1,800 hivi, basi zile 320 za ziada zimetoka wapi? Sehemu kubwa ni ya mgawaji wa kumbukumbu, ambaye hakati nafasi kwa kipimo cha mteja. Ana saizi zake maalumu, na herufi 1,800 pamoja na kichwa kidogo cha maelezo zinazidi saizi ya 1,792, kwa hiyo zinapewa saizi inayofuata, 2,048. Baiti 16 ni za kitambulisho cha thamani, 32 ni za jina la ufunguo, na 24 ni za mstari wake kwenye jedwali kuu. Jumla yake ni 2,120. Hata ufunguo mtupu wenye thamani tupu, kwenye toleo la 7.2, unasomeka baiti 56, na humo hamna data hata herufi moja. Ndiyo maana mafundi wenye mamilioni ya funguo ndogo ndogo hushangaa kuona kumbukumbu inakwisha wakati data yao, wakiijumlisha, ni kidogo.

Kuna mambo mawili ambayo kipimo hiki hakikuambii waziwazi. Kwanza, kwa vitu vyenye vipande vingi ndani yake, kama orodha ndefu au seti, kinapima vipande vitano tu na kukadiria vilivyobaki. Kama vipande vinatofautiana sana kwa ukubwa, makadirio yanaweza kuwa mbali na ukweli. Ukiongeza `SAMPLES 0` mwishoni kinapima vyote, ila kwenye kitu chenye vipande milioni, wateja wote wengine watasubiri kazi hiyo iishe, kwa sababu Redis hutekeleza amri moja baada ya nyingine. Pili, tarehe za kufa zinawekwa kwenye jedwali lao la pembeni, na katika matoleo ya 7 nafasi ya jedwali hilo haimo kwenye ile 2,120. Inaonekana kwenye `MEMORY STATS`, chini ya `overhead.hashtable.expires`. Ni gharama ndogo, lakini ipo.

Turudi kwenye hesabu. Kama kila kitu kingekwenda sawa, funguo zilizo hai wakati wowote zingekuwa zile tu zilizotafutwa ndani ya dakika tano zilizopita. Hata ikitokea ajabu, njia zote 400 zikatafutwa kwa siku zote 30 ndani ya dakika hizo hizo, zingekuwa funguo 12,000, sawa na megabaiti 25 hivi. Mwenye tovuti aliipa Redis megabaiti 256, na kwa kweli alikuwa mkarimu.

Lakini safari za njia 400 zinapita kila siku, na karibu kila moja imewahi kuuziwa kiti. Kila usiku wa manane zinabaki funguo 400 za safari zilizokwisha ondoka, zisizo na tarehe ya kufa na zisizoulizwa na mtu. Mara 2,120, hizo ni baiti 848,000 kwa siku. Hata megabaiti moja haifiki, na hakuna grafu inayoonyesha ongezeko kama hilo kwa macho ya mtu anayetazama wiki moja. Megabaiti 256 ni baiti 268,435,456. Ukigawa kwa 2,120 unapata funguo 126,600 hivi, na kwa kasi ya 400 kwa siku zinatimia baada ya siku 316. Kosa lililoandikwa Januari linaiangusha tovuti Novemba, wiki chache kabla ya watu kuanza kugombania tiketi za Krismasi. Aliyeliandika huenda ameshahamia kazi nyingine.

Fundi anayeijua Redis angeligundua mapema kwa amri moja isiyochukua hata sekunde:

```
> INFO keyspace
db0:keys=121874,expires=2260,avg_ttl=142318
```

Mstari huu ndio wenye faida kubwa kuliko yote kwa anayetunza kache, na inashangaza jinsi unavyopuuzwa. `keys` ni idadi ya funguo zote, `expires` ni zile zenye tarehe ya kufa, na `avg_ttl` ni wastani wa muda uliobaki, kwa milisekunde, hapa sekunde 142. Kwenye kache ya majibu ya muda, namba mbili za kwanza zinapaswa kukaribiana. Hapa zimeachana kwa funguo 119,614. Zidisha kwa 2,120 na unapata baiti 253,581,680, karibu megabaiti 242 kati ya 256 zilizotengwa. Redis imejaa, na wateja halisi wanatumia kipande chembamba kilichobaki.

Hatua inayofuata ni kujua ni funguo zipi. Kishawishi ni kuandika `KEYS *`, na kwenye seva inayofanya kazi hilo ni kosa kubwa: amri hiyo inapita funguo zote kwa mkupuo mmoja na kumzuia kila mtu mpaka imalize. Njia salama ni `SCAN`, inayosoma kidogo kidogo, na programu ya `redis-cli` inaitumia kwa niaba yako:

```
redis-cli --scan --pattern 'safari:*' | head -1000 |
while read k; do
  echo "$(redis-cli TTL "$k") $k"
done | grep '^-1 '
```

Hapo zinachukuliwa funguo elfu moja, kila moja inaulizwa muda wake, na zenye jibu la `-1` peke yake ndizo zinazochapishwa. Kwenye tovuti yetu ukurasa ungejaa tarehe za Februari, Machi na Aprili. Mtu yeyote angeelewa hapo hapo.

Kuna chombo kingine, `redis-cli --memkeys`, ambacho kinapita funguo zote na kuripoti ile iliyo kubwa kuliko zote kwa kila aina. Ni kizuri kwa ugonjwa mwingine, pale ufunguo mmoja unaponenepa mpaka kufikia mamia ya megabaiti. Hapa kisingesaidia sana, kwa sababu kila ufunguo ni mdogo na unafanana na jirani yake. Wingi ndio uliojaza nyumba.

Nini hutokea nafasi ikiisha? Inategemea mpangilio wa `maxmemory-policy`, na hapa mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi kuliko mtu anavyotarajia. Mpangilio wa awali ni `noeviction`: Redis haimfukuzi mtu. Inaendelea kusomwa, lakini kila anayetaka kuandika anapata jibu hili:

```
(error) OOM command not allowed when used memory > 'maxmemory'.
```

Mwenye tovuti aliyesoma kidogo huenda alichagua `volatile-lru`, kwa kuwa maelezo yake yanavutia: nafasi ikiisha, fukuza funguo ambazo hazijatumiwa muda mrefu, lakini kati ya zile zenye tarehe ya kufa tu. Kwa kache iliyochanganyika na data ya kudumu ni uchaguzi wa busara. Kwa kosa letu ni balaa. Zile funguo laki moja na zaidi za safari zilizokwisha pita hazina tarehe, kwa hiyo zinalindwa. Zinazofukuzwa ni zile chache zilizo hai, zenye abiria wanaozihitaji sasa hivi. Tovuti haianguki, inazidi tu kuwa nzito siku hadi siku, kwa sababu kila jibu linafukuzwa kabla ya kutumika mara ya pili na hifadhidata kuu inaulizwa upya. Dalili zake zinaonekana kwenye `INFO stats`: `evicted_keys` inapanda bila kupumzika, na `keyspace_misses`, idadi ya mara ambazo kilichotafutwa hakikukutwa, inaipita `keyspace_hits`.

Kama Redis nzima ni kache na hakuna humo kisichoweza kuandikwa upya, `allkeys-lru` ingeficha kosa kwa upole zaidi, maana ingeanza kufukuza funguo za zamani zisizoulizwa. Ingelificha, lakini isingelitibu. Abiria wangeendelea kuona nauli ya zamani.

Tiba ni fupi, ila ina mtego. Tangu toleo la 6, `SET` inakubali neno `KEEPTTL`, linalosema thamani ibadilike na muda ubaki ulivyokuwa. Wengi huliweka na kufunga faili. Tatizo ni lile dirisha dogo la wakati: kama ufunguo umeisha muda sekunde moja kabla ya mauzo, hakuna muda wa kubakiza, na `SET` yenye `KEEPTTL` inaunda ufunguo mpya usio na tarehe ya kufa. Kosa linarudi, safari hii kwa nadra, na yale yanayotokea kwa nadra ndiyo magumu kuyakamata. Dawa ni kuongeza `XX`, inayoruhusu kuandika pale tu ufunguo upo:

```
SET safari:dar-mwanza:2025-07-14 "...orodha mpya..." XX KEEPTTL
```

Redis ikiona ufunguo haupo, haiandiki chochote, na abiria anayefuata ataleta orodha mpya kutoka hifadhidata kuu. Njia nyepesi zaidi, na pengine bora kwa tovuti kama hii, ni sehemu ya mauzo kutoandika chochote kwenye kache. Ifute tu ufunguo kwa `UNLINK`, na utafutaji unaofuata uujaze kwa `EX 300` yake. Hapo kunabaki mahali pamoja tu kwenye programu panapoamua muda, na mtu mpya akija hana pa kukosea.

Baada ya hapo ndipo unakuja usafi. Kubadilisha programu hakuponyi funguo zilizokwishapoteza muda, zitakaa mpaka zipewe tarehe. Za safari zijazo, zenye nauli za zamani, zinafaa kufutwa mara moja. Hizo nyingine zinaweza kupewa muda na kuachiwa mfagiaji:

```
redis-cli --scan --pattern 'safari:*' |
while read k; do
  redis-cli EXPIRE "$k" $((RANDOM % 3600 + 60)) NX
done
```

Neno `NX`, lililoingia na toleo la 7, linaiambia `EXPIRE` iweke muda pale tu ambapo hakuna, ili funguo zenye dakika zao tano zisipewe saa nzima kwa bahati mbaya. Na ile hesabu ya `RANDOM` inampa kila ufunguo muda wake kati ya dakika moja na dakika 61. Funguo laki moja zikifa ndani ya sekunde moja, mfagiaji atarudia na kurudia mpaka afike ukomo wa muda aliopewa, na wateja wataiona seva ikisitasita. Zikitawanywa ndani ya saa moja, hakuna anayehisi.

Kutawanya huku kunafaa hata siku za kawaida. Kama tovuti inajaza kache ya njia zote saa 12 kamili asubuhi kwa `EX 300`, zote zinaisha saa 12 na dakika tano, na hifadhidata kuu inapokea maswali yote kwa pamoja. Wasanidi wengi huongeza sekunde chache za bahati nasibu, kwa mfano 300 pamoja na namba yoyote kati ya 0 na 60, na msongamano unapungua.

Saa moja baada ya usafi, fundi anafungua `INFO memory` akitarajia kuona faraja, na hapo wengi huchanganyikiwa. Namba ya `used_memory_human` imeshuka kutoka megabaiti 249 hadi chache tu. Lakini `used_memory_rss_human`, kumbukumbu ambayo mfumo wa kompyuta unaona Redis imeishika, inaweza kuwa bado iko juu, karibu ilipokuwa. Funguo zimefutwa kweli. Mgawaji wa kumbukumbu amezishika zile nafasi tupu kwa matumizi ya baadaye, au kila ukurasa wa kumbukumbu umebaki na kipande kimoja kinachotumika kinachozuia usirudishwe. Uwiano wa namba hizo mbili, `mem_fragmentation_ratio`, unaweza kupanda hadi kiwango cha kutisha, na hapa hautishi, kwa sababu kilichobaki kugawiwa ni kidogo mno. Redis itazijaza nafasi zile zile kabla ya kuomba mpya. Anayezihitaji kwa kazi nyingine kwenye seva hiyo hiyo anaweza kujaribu `MEMORY PURGE`, au kuiwasha upya Redis usiku, wakati mabasi yako barabarani na wanaotafuta tiketi ni wachache.